Naandika kalori 1,420 kila siku, mbona mizani haishuki?

*Swali: Nina miaka 42, nauza vitenge Mwanjelwa, Mbeya. Urefu sentimita 156, uzito kilo 76. Kliniki walisema BMI yangu ni 31, nile kalori 1,500 kwa siku. Wiki sita sasa naandika kila ninachokula, sivuki 1,420, na mizani iko palepale. Mfano Jumanne: chai ya maziwa na maandazi mawili 400, wali na maharage na mboga 480, parachichi nusu 60, chai ya saa kumi 80, ugali na mchicha na dagaa 400. Ugali tunasonga unga gramu 450, tunakula watu wazima watatu, na dumu la mafuta la lita 5 tunalimaliza kwa siku 40 hivi. Kliniki walikosea, au mwili wangu una shida? Na hiyo 31 ni ya kweli, maana hapa hakuna anayeniona mnene?*

Dada, kliniki hawakukosea, na kwa maelezo uliyotoa sioni dalili kwamba mwili wako una shida. Kilichokosea ni daftari, tena limekosea sehemu tatu tu, na mbili kati ya hizo umezitaja mwenyewe: unga gramu 450 na dumu la siku 40. Watu wengi hawaandiki mambo hayo mawili, ndiyo maana swali lako linajibika.

Nianze na hiyo 31, kwa kuwa ndiyo fupi. BMI ni uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwako ni 1.56 mara 1.56, inakuja 2.43, kilo 76 ukigawa kwa 2.43 unapata 31 na ushee. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni hii: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Ukiigeuza hesabu kwa urefu wako, uzito wa kawaida ni kilo 45 hadi 60 na nusu, na mstari wa 30 unapita kwenye kilo 73. Kwa hiyo uko juu ya mstari kwa kilo tatu.

Kilo tatu si pengo kubwa, na hapo ndipo vipimo vya haraka haraka vinapoharibu mambo. Urefu unazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo kosa dogo la sentimita linavimba. Ukipimwa na viatu vya kisigino cha sentimita nne, urefu wako utasomeka 160 na BMI itashuka hadi 29.7, yaani umehama kundi bila kupungua hata gramu. Msuko uliofungwa juu au kilemba hufanya hivyohivyo. Pima tena nyumbani: miguu peku, visigino, makalio na mabega yameegemea ukuta, macho yakitazama mbele, mtu mwingine aweke kitabu kigumu kichwani huku kingo yake imeshika ukuta sawasawa, halafu apige alama chini ya kitabu kwa penseli. Fanya asubuhi, kwa sababu jioni uti wa mgongo huwa umejibana na unaweza kupungua karibu sentimita moja.

Mizani nayo iwekwe kwenye sakafu ngumu ya saruji, si juu ya zulia wala mkeka. Kama una wasiwasi nayo, panda ukiwa umeshika ndoo tupu, soma namba, kisha mimina maji lita kumi yaliyopimwa na upande tena. Namba lazima iongezeke kwa kilo kumi. Ikiongezeka kwa tisa au kumi na moja, umekuwa ukijadiliana na mizani mbovu.

Kuhusu kwamba hakuna anayekuona mnene: jicho hulinganisha na watu waliopo, wakati mipaka ya BMI iliwekwa kwa kuangalia magonjwa na vifo katika watu wengi sana. Hata hivyo una haki ya kuitilia shaka namba moja peke yake. BMI haijui misuli na mafuta, wala haijui mafuta yamekaa wapi. Mwanamke mwenye mafuta mapajani na mwenye mafuta tumboni wanaweza kuwa na 31 ileile huku hatari ya kisukari na presha ikiwa tofauti kabisa. Kwa hiyo ongeza kipimo cha utepe wa fundi cherehani. Tafuta kwa vidole mbavu ya mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, upite katikati yao, juu ya ngozi na si juu ya kanga, usome mwisho wa kutoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamke, sentimita 80 ni pale hatari inapoanza kupanda na 88 ni pale inapokuwa kubwa. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Kipimo hicho kitakuambia kama hiyo 31 ni ya kuifanyia kazi kwa haraka au kwa utulivu. (Mambo haya yote hayamhusu mjamzito, wala mtoto, kwani watoto na vijana hadi miaka 19 wana majedwali yao kwa umri na jinsia.)

Sasa tuje kwenye 1,500. Mtaalamu hukisia kwanza nguvu ambayo mwili hutumia ukiwa umelala tu, moyo unadunda, figo zinachuja, ubongo unafanya kazi. Kanuni inayotumika sana ni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanamke inaandikwa hivi:

```
10 × kilo + 6.25 × sentimita − 5 × miaka − 161
```

Kwako: 760 jumlisha 975, toa 210, toa 161, unabaki na 1,364. (Kwa mwanaume, mwisho wa mstari badala ya kutoa 161 unaongeza 5.) Halafu unazidisha kwa kizidishi cha shughuli. Mtu anayekaa muda mwingi, anasimama kuhudumia wateja, anapanga majora na kutembea kidogo, anakaa kwenye 1.5 hivi. Mkulima anayelima kwa jembe la mkono msimu wa mvua, au anayebeba magunia ya viazi mviringo Uyole, anaweza kufika 2 na kuzidi. 1,364 mara 1.5 ni 2,046. Nadhani kliniki walitoa 500 hapo, wakabaki na 1,550, wakaizungusha hadi 1,500. Ni kazi ya kawaida, haina kosa.

Lakini elewa kwamba ile 2,046 ni makisio. Kanuni nyingine, ya Schofield, ambayo FAO na Shirika la Afya Duniani wameitumia katika mapendekezo yao, inakupa 1,463 badala ya 1,364, na ukizidisha inafika karibu 2,200. Mwili ni wako mmoja, kanuni mbili zimetofautiana kwa kalori 150. Watu wa umri, urefu na uzito mmoja kweli hutofautiana, na kukosa kwa asilimia kumi juu au chini ni jambo la kawaida. Kosa ambalo si la kawaida ni lile ambalo wengi hulifanya na kizidishi: wanachukua 1.5, kisha wanaongeza tena kalori za kutembea kutoka Mwanjelwa hadi nyumbani. Kutembea huko tayari kumo ndani ya 1.5, kwa hiyo wamehesabu mwendo uleule mara mbili.

Kwa kuwa kanuni zinakisia, tutumie kipimo kilicho bora zaidi, ambacho unacho tayari: wiki sita za mizani isiyosogea. Uzito usiposogea kwa muda huo, kinachoingia na kinachotoka ni sawa. Kama kweli ungekula 1,420 na kutumia 2,046, ungekuwa na upungufu wa kalori 626 kila siku. Kwa siku 42 ni kama 26,300. Kilo moja ya uzito unaopungua hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo ungepaswa kupungua kilo 3.4 hivi. Maji mwilini yanaweza kuficha kilo moja au hata mbili kwa siku chache, hasa ukila chumvi nyingi au ukikaribia siku zako, lakini hayawezi kuficha kilo tatu kwa wiki sita mfululizo. Kwa hiyo kwenye daftari lako kuna kalori kama 600 ambazo hazijaandikwa. Tuzitafute.

Za kwanza ziko kwenye dumu. Mafuta ya alizeti ya lita 5 yana uzito wa kilo 4.6, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Gramu moja ya mafuta, yawe ya alizeti, mawese au samli safi, ina kalori 9. Kwa hiyo dumu lina kalori 41,400. Ukiligawa kwa siku 40 unapata 1,035 kwa siku, na kwa watu watatu ni 345 kwa kila mmoja. Hebu angalia orodha yako ya Jumanne: hakuna sehemu mafuta yameandikwa. Wali umeuchukulia kama uliochemshwa, maharage yaliyochemshwa, mchicha uliochemshwa. Namba za programu za simu kwa vyakula vilivyochemshwa ni sahihi kabisa, ila huko kwenu hakuna anayekula mchicha wa kuchemsha mtupu. Tukitoa kidogo kwa mafuta yanayobaki kwenye kikaango na yanayomwagwa, tunabaki na 300 hivi kwa siku ambazo umekula na hukuziandika.

Kwa nini mafuta yanaponyoka hivi? Ni kwa sababu hayana ujazo. Wanga una kalori 4 kwa gramu, protini 4, mafuta 9, na nyuzinyuzi kama 2. Kwa wanaokunywa, kilevi kina 7 kwa gramu, na kinahesabiwa peke yake. Namba hizi zinatokana na kazi ya Mmarekani Atwater, mwishoni mwa karne ya 19. Mafuta yanazidi mara mbili kwa sababu molekuli zake zina oksijeni kidogo sana, kwa hiyo kuna mengi zaidi ya kuungua. Tena chupa ya mafuta haina maji hata tone, wakati chakula unachokiona sahanini karibu chote ni maji zaidi ya nusu. Kijiko kimoja kikubwa cha mililita 15 kina kalori karibu 120 na kinapotelea kwenye sufuria ya mchicha bila kuonekana.

Ugali ni wa pili, na hapa kosa lako ni la kipekee kidogo. Namba uliyotumia kwa gramu ni sahihi. Uzito ndio uliobuni. Ukitoa mchicha na dagaa kwenye ile 400 ya jioni, inaonekana ugali uliupa kama 240, yaani umeandika gramu 200 za ugali uliopikwa, kwa kalori 120 kila gramu 100. Sasa tufuate unga. Gramu 450 za unga wa mahindi, kwa kalori 360 kila gramu 100, zina kalori 1,620. Zikisongwa na maji lita moja hivi, mvuke ukitoka, unabaki na ugali wenye uzito wa kama kilo moja na gramu 350. Nyumbani mko watu watatu na sufuria inabaki tupu. Hata ukimpa mume sehemu kubwa zaidi, wewe huwezi kuwa umekula gramu 200, labda kama kuna mtu anakula karibu kilo nzima. Sehemu yako ni kama gramu 420, ambayo ndani yake kuna unga gramu 140 na maji gramu 280. Hiyo ni kalori 504. Umepunja 264.

Kuna njia ya kuondoa ubunifu huo. Pima unga mkavu kabla ya kusonga. Ukishaepua, pima sufuria na ugali, ukitoa uzito wa sufuria uliyoipima tupu mara moja na kuuandika kwa kalamu ya wino mzito chini yake. Gawa kalori zote za unga kwa gramu za ugali. Kwako itakuja karibu 1.2 kwa gramu, ila jirani anayesonga ugali laini wa kumwagika maji atapata chini ya 1, na anayesonga mgumu atakaribia 1.4. Ndiyo maana namba ya ugali utakayoipata kwenye programu ya simu iliyotengenezwa mbali haiwezi kuwa yako. Sembe au dona haibadilishi kalori kwa kiasi cha kukusumbua. Dona inakupa nyuzinyuzi na vitamini zaidi, na hilo ni jambo jingine.

Kosa la kuchanganya kikavu na kilichopikwa huenda pia upande wa pili. Maharage makavu yana kalori kama 340 kwa gramu 100, yaliyopikwa karibu 130. Mtu akipima maharage yaliyoiva na kuyaandika kwa namba ya makavu, daftari lake litasema amekula mara mbili na nusu ya alichokula. Huyo hujinyima, anapungua haraka na kujisikia kizunguzungu dukani, halafu anasema kanuni zimemtesa. Chagua upande mmoja: uzito mkavu kwa namba kavu, au uliopikwa kwa namba ya uliopikwa.

La tatu ni parachichi, na hili ni la watu wa nyanda zetu za juu kusini kwa sababu tunalichukulia kama tunda la kawaida. Umeandika 60, ambayo ingefaa kwa kipande cha papai au chungwa. Nyama ya nusu ya parachichi kubwa, bila kokwa na ganda, ni kama gramu 100. Humo kuna mafuta gramu 15, protini gramu 2, wanga wa kumeng'enywa gramu 2 na nyuzinyuzi gramu 7. Fanya hesabu: 15 mara 9 ni 135, protini 8, wanga 8, nyuzinyuzi 14. Jumla 165. Zaidi ya asilimia 80 ya nguvu yake ni mafuta. Ni mafuta mazuri kwa moyo, sikwambii uache. Nasema uliandike kwa namba yake.

Sasa jumlisha: mafuta 300, ugali 264, parachichi 105. Ni 669. Ongeza kwenye 1,420 yako, unapata 2,089, na kanuni ilisema 2,046. Usishangilie sana ukaribu huo, kwa sababu kila sehemu ina kosa lake la makumi kadhaa na zimebahatika kufutana. Ila inatosha kukuonyesha kwamba hakuna fumbo. Kipimo cha kitaalamu cha nguvu inayotumiwa na mtu, kile cha kunywa maji yaliyowekewa alama, kimeonyesha kwa miaka mingi kwamba watu wanaoandika chakula huandika pungufu, na pengo huwa kubwa zaidi kwa wenye uzito mkubwa. Si uongo, ni mafuta na ukubwa wa sehemu.

Nitaje haraka kosa moja ambalo halimo kwenye orodha yako lakini litakuja ukianza kusoma vifungashio: pakiti nyingi zina namba mbili, kilojuli na kilokalori. Kalori ya kliniki ni kilokalori. Kilokalori moja ni kilojuli 4.184, kwa hiyo biskuti zilizoandikwa kilojuli 2,000 zina kilokalori 478.

Kabla ya kupunguza chochote, mambo mawili ya kiafya. Kama unatumia insulini au glibenklamidi kwa ajili ya kisukari, usipunguze chakula kabla daktari hajapunguza dozi, maana sukari inaweza kushuka ghafla. Na kama pamoja na uzito una uchovu mzito, ngozi kavu, choo kigumu, hedhi iliyobadilika na unasikia baridi kuliko wenzako, omba kipimo cha tezi ya shingo. Nasema kuliko wenzako kwa sababu Mbeya ya Juni na Julai kila mtu anatembea na sweta. Kama unachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, mtaje mhudumu hilo pia, kwani kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito.

Basi lengo. Toka kwenye 2,089 hadi karibu 1,600 ya kweli, ambayo ni rahisi kuishi nayo kuliko 1,500 ya karatasini. Kila nafasi ya kupunguza uliyonayo iko kwenye makosa yaleyale.

Mafuta yapungue nusu: kutoka 345 hadi 172 kwa mtu, ambayo kwa watu watatu ni vijiko vikubwa vinne kwa siku nzima, si kwa mboga moja. Usimimine kutoka kwenye dumu, kwa sababu mdomo wa dumu hauna kipimo. Jaza chupa ya maji ya nusu lita, toboa kifuniko tundu dogo kwa msumari uliopashwa moto, na hiyo ndiyo ikae jikoni. Ikitumika kwa vijiko vinne kwa siku, chupa itakaa siku nane. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja, kikianza kushika weka nyanya na maji kidogo, funika, acha viive kwa mvuke kabla ya kutia mchicha. Kisha andika tarehe juu ya dumu siku unayolifungua. Dumu la lita 5 sasa linapaswa kufika siku 80. Likiisha siku ya 55, hakuna haja ya kubishana na mtu yeyote jikoni, tarehe inatosha.

Ugali wako ushuke kutoka gramu 420 hadi 280, yaani punguza unga wa sufuria kutoka 450 hadi 400 ili usiachie kishawishi cha kumalizia. Hiyo ni kalori 168 chini. Sahani isibaki tupu: mchicha au chainizi uongezeke maradufu, mboga hizo zina kalori chache sana kwa gramu 100 kabla ya mafuta. Na asubuhi liwe andazi moja, ambalo ni kama 150. Jumla umepunguza 491, na unabaki karibu 1,600. Parachichi, maharage na dagaa visiguswe.

Visiguswe kwa sababu ya protini. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 0.83 kwa kila kilo, kwako 63. Dagaa wakavu gramu 30 wanakupa kama 18, maharage yaliyopikwa gramu 150 kama 13, na unga, wali, maziwa, andazi, mchicha na parachichi kwa pamoja huleta karibu 28. Umefika 59, bado gramu chache. Ongeza yai moja la kuchemsha, kalori 70, gramu 6, na hesabu inafunga. Wanaopunguza dagaa na maharage kwanza, wakabaki na ugali na chai, hupungua misuli pamoja na mafuta, na mizani haitawaambia ipi ni ipi.

Pima uzito asubuhi tatu kwa wiki, baada ya haja na kabla ya chai, kwa nguo ileile nyepesi, uandike wastani wa siku hizo tatu. Usisome namba ya siku moja. Wiki ya kwanza inaweza kushuka kilo nzima, mengi yakiwa ni maji, kwa hiyo ianze kuhesabika kuanzia wiki ya pili. Tuseme kuanzia hapo, kwa wiki nne, wastani umeshuka kilo 1.2. Ni kilo 0.3 kwa wiki, sawa na kalori 2,310, ambazo kwa siku ni 330. Ongeza 330 kwenye ulichokula, tuseme 1,670 pamoja na yai, unapata 2,000. Hayo sasa ndiyo matumizi yako, yaliyopimwa na mwili wako, na yanatangulia kanuni zote mbili. Ukishuka kwa zaidi ya kilo moja kila wiki kwa wiki tatu mfululizo, umepunguza kupita kiasi, rudisha andazi. Usiposhuka kabisa, angalia tarehe ya dumu kabla ya kugusa sahani.

Asilimia tano hadi kumi ya uzito, kwako kilo nne hadi saba na nusu, ni kiwango ambacho presha na sukari huanza kuonyesha tofauti, hata BMI ikiwa bado juu ya 25. Usijiwekee kilo 60 kama lengo la mwaka huu. Ukifika kilo 70, rudia kanuni: mwili mwepesi unatumia kidogo, kilo sita mara 10 mara 1.5 ni kalori 90, kwa hiyo sahani iliyokupunguza ukiwa na kilo 76 itakupunguza polepole zaidi. Hapo ndipo wengi husema mwili umegoma. Toa gramu 75 nyingine za ugali, au robo tatu ya kijiko kikubwa cha mafuta kwa siku, na mwendo utarudi ulivyokuwa.